Panadol ngapi, na ile pete iliyokataa kutoka

Swali: Nahudumu katika duka la dawa hapa Umoja, Nairobi, na mimi ndiye ninayejibu WhatsApp ya duka. Juzi jioni mteja aliniandikia hivi: "Mambo dada. Leo mnafunga saa ngapi? Nisaidie pia, pete ya ndoa imekataa kabisa kutoka, nimejaribu sabuni, watu hutumia nini? Halafu mama mkwe anasema kiungulia kikiwa kikali mtoto atazaliwa na nywele nyingi, ni kweli ama ni yale yao tu, hahaha. Ah, na Panadol naweza kumeza ngapi kwa siku, kichwa kimeuma tangu jana na naona nyota nyota. Mko na ile losheni ya mtoto ya chupa ya waridi?" Nilimjibu yote kwa mpangilio wake. Kwa Panadol nikamwambia mbili mara tatu kwa siku, akiona haipungui aende hospitali. Akasema asante. Tangu hapo sina amani. Nilikosea wapi, na ujumbe wa aina hii hujibiwaje?

Jibu: Dada, kama hujampigia simu tangu siku ile, mpigie sasa hivi, kisha urudi kusoma. Mwulize mambo mawili tu: kichwa kinaendeleaje, na je, amepimwa presha tangu alipokuandikia? Kama hajapimwa, leo ndiyo siku ya kwenda, hata kama anasema ameshapata nafuu.

Kipimo chako cha Panadol hakikuwa na kosa. Tembe mbili za miligramu 500 mara tatu kwa siku ni gramu 3, chini ya kiwango cha juu cha gramu 4 kwa mtu mzima, na parasetamoli ndiyo dawa ya maumivu tunayowapa wajawazito kwanza. Tatizo ni kwamba lilikuwa jibu sahihi kwa swali ambalo halikupaswa kujibiwa peke yake. Alichokuuliza ni idadi ya tembe. Alichokueleza, bila kujua, ni dalili za presha ya mimba iliyofika pabaya. Ukimpa idadi ya tembe, amepata alichotaka na mazungumzo yamekwisha. Ile "asante" yake ilimaanisha hivyo tu, wala si ushahidi kwamba alielewa sehemu ya hospitali.

Turudi kwenye ujumbe wenyewe tuusome polepole. Hakuna mahali alipoandika kwamba ni mjamzito. Umelijua hilo kwenye mzaha wa mama mkwe. Kichwa kinachouma tangu jana, pamoja na kuona nyota nyota, kwa mwanamke aliyepita wiki ya 20 ya mimba, kinatosha peke yake kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Presha inapopanda hivi, mishipa midogo ya damu huathirika mwili mzima, pamoja na ya ubongo na ya macho. Ndiyo maana maumivu ya kichwa na vimulimuli huja pamoja, na ndiyo maana Panadol mara nyingi hushindwa kuyaondoa.

Sasa tazama yale mengine, yale ya kuchekesha. Pete iliyokuwa ikitoka na sasa haitoki maana yake ni kwamba vidole vimevimba. Mishipa inapovuja, maji hutoka kwenye damu na kukaa katika nyama za mikono na uso. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa mjamzito na halimtishi mkunga yeyote, lakini mikono na uso vikivimba ghafla ni habari nyingine. Na kile kiungulia? Ini nalo huvimba presha ya mimba inapokuwa kali, likavuta ngozi nyembamba inayolifunika. Maumivu yake hukaa kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia. Wengi huyaita kiungulia, wanywe maziwa au watafune dawa ya asidi, na yasiondoke.

Kwa hiyo ujumbe uliodhani una maswali manne mepesi na moja zito ulikuwa na mepesi mawili tu: saa ya kufunga na losheni. Hayo mengine matatu yalikuwa dalili tatu za ugonjwa mmoja, zimetawanywa katikati ya vicheko. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Ukishaona jambo moja zito, rudi juu usome upya yale ya mzaha ukijiuliza kama nayo yanazungumzia mwili ule ule. Pete peke yake haithibitishi chochote, na kiungulia peke yake ni mwenzi wa karibu kila mimba. Vikikaa kando ya kichwa na macho, vinabadilika uzito.

Usimlaumu kwa kuficha, maana hakuficha. Watu huweka jambo linalowatia wasiwasi katikati ya mengine kwa sababu wanaona aibu kukusumbua kwa "kichwa tu", au kwa sababu wenyewe hawajaamua kama ni jambo. Tafuta maneno kama "ah, na", "by the way" au "halafu kidogo tu". Mara nyingi linalofuata hapo ndilo lililomfanya ashike simu.

Jibu lenyewe sasa. Unapojibu kwa mpangilio wake, unampa losheni na kichwa uzito ule ule, na kila jibu jepesi linalotangulia linamwambia kwamba mambo ni shwari. Jambo zito lije kwanza, liwe katika ujumbe wake peke yake, na mstari wa kwanza uwe na la kufanya. Simu ikiwa imefungwa, kwenye kioo huonekana maneno machache ya mwanzo tu, na wapo watakaosoma hayo kisha waendelee kupika. Ningeandika hivi:

"Dada, ni muhimu upimwe presha hospitali leo jioni, usingoje kesho. Kichwa cha tangu jana pamoja na kuona nyota nyota, kwa mjamzito, huweza kuwa ni presha ya mimba. Nakupigia sasa, tafadhali shika."

Basi. Usiandike mistari kumi ya maelezo, na usichanganye hapo habari ya losheni. Angalia pia kwamba hakuna neno "ukiona". Sentensi yako, "akiona haipungui aende hospitali", ndiyo iliyovuja zaidi, kwa sababu inamwachia mgonjwa kazi ya kuamua. Panadol ikipunguza kichwa kwa saa nne, ataona imepungua, na presha iko pale pale. Sharti la namna hiyo linafaa kwa mafua. Hapa amri iwe wazi: leo, hospitali, kupimwa presha na mkojo.

Neno jingine la kuchunga ni "kifafa cha mimba". Ndilo jina la hatua inayofuata, degedege inapoanza, lakini kwenye ujumbe kwa mtu aliye peke yake nyumbani neno kifafa huvuta mambo mengi yasiyohusika: hofu, aibu, na wakati mwingine jamaa wanaotaka maombi kabla ya teksi. "Presha ya mimba" inaeleweka na inatosha kumtoa nyumbani.

Kisha piga simu kweli. Maandishi hayakuonyeshi kama mtu anazungumza kwa shida au amechanganyikiwa. Maswali ya kuuliza ni machache. Mimba ina wiki ngapi? Kile kiungulia, aweke kidole anapokisikia: je, kinapanda kuja kooni, au kimekaa chini ya mbavu? Ana kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na presha ya mwisho iliyoandikwa ni ngapi? Na nani yuko naye hapo? Lakini elewa kwamba maswali haya hayaamui kama aende au asiende. Hilo kichwa na macho vimeshaamua. Yanaamua aende vipi na aende na nani, na yanakupa maneno ambayo atayasema mapokezini. Swali la wiki tu ndilo linaloweza kubadilisha njia: mimba ikiwa changa, chini ya wiki 20, presha ya mimba si jambo la kwanza kufikiria, ingawa kichwa cha namna hiyo bado kinataka daktari. Na kama ameshajifungua, hatari haijaisha. Ugonjwa huu huweza kuonekana hata katika wiki 6 za baada ya uzazi, kwa hiyo mzazi wa siku tano mwenye dalili hizi anajibiwa hivyo hivyo.

Asiposhika simu, subiri dakika chache upige tena, halafu andika: "Kama kuna mtu hapo nyumbani, mpe simu tuongee." Alama za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, hazionyeshi kwamba ameanza kuvaa viatu.

Najua unachofikiria: duka lina mashine ya presha, kwa nini asipite hapo kwanza? Kama yuko mlango wa pili na hapotezi muda, sawa, mpime, lakini ujue mipaka ya namba utakayoipata. Apumzike dakika tano ameketi, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, asizungumze, na mkanda uutoshe mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo. Kuanzia 140 kwa 90, yaani mojawapo ya namba hizo mbili ikifika hapo, presha imepanda. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Lakini ukipata 130 kwa 85, usimrudishe nyumbani. Mashine nyingi za betri hazijathibitishwa kwa wajawazito, na kwa wenye ugonjwa huu baadhi husoma chini ya ukweli. Isitoshe, degedege limewahi kuwapata wanawake ambao presha yao haikuwa ya kutisha. Namba ya juu inaweza kukuongezea haraka, ila namba nzuri haifuti dalili. Mimi ningependelea usimpime kabisa kuliko umpime, upate namba nzuri, na nyote wawili mlegee.

Mahali pa kumwelekeza pana uzito wake. Zahanati ya jirani itampima presha, halafu itaandika barua ya rufaa, na saa mbili zimekwenda. Anahitaji hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, yenye chumba cha upasuaji wa uzazi na magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Kwa mtu wa Umoja, Mama Lucy Kibaki iko karibu, na Pumwani ni hospitali ya uzazi tangu 1926. Kama kliniki yake iko katika hospitali nyingine kubwa aliyoizoea, na si mbali, aende huko walio na faili lake. Hiyo magnesiamu ndiyo sababu kubwa ya safari. Jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa 2002, lenye wanawake zaidi ya 10,000, lilionyesha kwamba hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Huchomwa kwa sindano chini ya uangalizi, kwa hiyo hakuna kitu katika rafu zako kinachoweza kushika nafasi yake. Na tiba kamili ni mtoto kuzaliwa na kondo la nyuma kutoka, jambo ambalo madaktari hulipima kwa kuangalia umri wa mimba na hali ya mama.

Kwa safari, asipande bodaboda na asiende peke yake. Degedege likimkuta juu ya pikipiki kwenye Barabara ya Outer Ring, kuanguka kunaweza kumuua kabla ya ugonjwa. Teksi au gari la jirani, akae na mtu kando yake, na akilala alalie ubavu wa kushoto. Akianza kutukutika au kupoteza fahamu, ni 999 au 112, au gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu kwa 1199, alazwe kwa ubavu na mtu asimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Abebe kitabu cha kliniki. Mapokezini asiseme "kichwa kinauma", kwa sababu foleni ya vichwa ni ndefu. Aseme: "Nina mimba ya wiki kadhaa, kichwa tangu jana, naona nyota, na nina maumivu chini ya mbavu."

Kitakachowachelewesha pengine ni pesa. Mume atasema wangoje mpaka kesho atafute kitu kidogo, au kwamba bima ya afya ya SHA haijalipwa. Mwambie mapema, kwenye simu ile ile, kwamba ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haimaanishi kwamba bili haitakuja, bali kwamba mazungumzo ya bili hayatangulii kupimwa. Familia ikilijua hilo kabla ya kufika mlangoni huondoka nyumbani mapema zaidi.

Kuhusu dawa zenyewe: akiwa na maumivu makali anaweza kumeza Panadol mbili akiwa njiani, haitaharibu vipimo. Kinachokatazwa ni kumeza halafu kungoja. Usimpe ibuprofeni, diklofenaki, wala zile tembe za mchanganyiko zenye aspirini kwa ajili ya maumivu. Zinaweza kudhuru figo za mtoto kuanzia karibu wiki ya 20 na mshipa wa moyo wake kadiri mimba inavyokua, na figo za mama zinaweza kuwa tayari taabani. Kama daktari amemwandikia aspirini ndogo ya kila siku, hiyo ni kazi nyingine, aendelee kumsikiliza daktari wake. Na usimuuzie nifedipini, dawa ya kushusha presha, eti kwa sababu jirani alipewa.

Sasa losheni. Nasikia wenzetu wengi wakisema yale mepesi yaachwe kabisa ili asipoteze lengo. Sikubaliani nao. Mtu aliyeuliza matano akajibiwa moja tu, tena kwa sauti ya king'ora, huona amekaripiwa, na mara nyingine hatakuuliza. Yajibu, lakini baada ya kuhakikisha yuko njiani, na kwa mstari mmoja: "Tunafunga saa tatu usiku, losheni ipo, nitakuwekea chupa moja." Mstari huo pia unamwambia kwamba hana sababu ya kupitia dukani kwanza.

Pete si jambo la losheni tena. Mwambie aitoe njiani ikiwezekana, kwa sababu uvimbe unaweza kuongezeka na kidole kikakosa damu: ainue mkono juu ya usawa wa moyo kwa dakika chache, apake mafuta, aizungushe polepole huku akiivuta. Ikikataa, asipambane nayo. Hospitali wana kifaa cha kukatia pete. Kuhusu nywele, mama mkwe si wa kuchekwa kabisa, kuna utafiti mdogo wa Marekani wa 2006, wa wanawake 64, uliokuta kiungulia kikali na nywele nyingi vikienda pamoja. Lakini habari hiyo ingoje mpaka daktari aseme kile kilikuwa kiungulia kweli. Ukimjibu leo "ndiyo, ni kweli", umempa jina zuri la kuyaitia maumivu ya ini.

Inawezekana baada ya yote haya ikaonekana ni kipandauso, ambacho nacho huleta vimulimuli, na pete ilibana kwa joto tu. Atakuwa amepoteza jioni moja na nauli ya teksi. Kwa simu huwezi kuvitofautisha, wala mimi siwezi, kwa hiyo usijaribu.

Kesho yake mpigie tena, na usiulize "unaendeleaje", maana atasema "niko poa". Uliza: "Presha walipata ngapi kwa ngapi, na mkojo walipima?" Asipoweza kukutajia namba mbili, na kwenye kitabu cha kliniki hakuna kilichoandikwa jana, basi huenda aliambiwa apumzike tu bila kupimwa. Hapo mrudishe siku hiyo hiyo, na safari hii aanze na sentensi ile ya mapokezini kabla hata ya kuketi.